Nimekwama kwenye karamu ya Anna Pavlovna

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 29, ni mhasibu hapa Morogoro. Nimekulia kwenye vitabu vya upelelezi. Willy Gamba namaliza usiku mmoja. Mwaka huu tumekubaliana watu watano kazini tusome Vita na Amani ya Tolstoy, kwa Kiingereza. Nakala yangu ni ya mtumba, ina kurasa 1,200 na ushee, na kila mara Kifaransa kinaingia, tafsiri yake iko chini kwenye tanbihi. Nimeanza mara tatu na sijavuka ukurasa wa 20. Watu wako kwenye karamu wanaongea tu, sijui nani ni nani, na baada ya dakika kumi nakuta nimeshika simu. Wenzangu wawili wameshafika vitani. Niache nikubali kwamba vitabu vinene si saizi yangu, au kuna namna ya kujizoeza?

Mhasibu Aliyekwama, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Usiache bado, ila usikirudie kwa namna ileile. Kwanza fanya jaribio dogo. Funga kitabu, chukua karatasi, andika majina matatu ya watu waliomo kwenye hiyo karamu, na mbele ya kila jina andika kitu anachokitaka huyo mtu. Sura yake na cheo chake achana navyo. Andika anachokitaka.

Ukishindwa kuandika, hadithi haijakuchosha, maana hujakutana nayo bado. Kilichokuchosha ni majina na zile tanbihi, na hilo linatibika kwa jioni moja. Ukiweza kuandika, lakini ukajisikia kwamba wapate wasipate shauri yao, basi kitabu na wewe hamuivi, kirudishe rafuni bila kumwomba mtu radhi. Na ukiweza kuandika, ukatamani kujua itakuwaje, ila kope zinakuangukia, basi angalia saa unayosomea. Wasomaji wengi huyatia haya matatu kwenye kapu moja, wakasema "kitabu kinaboa", wakakiacha kwa kosa ambalo si lake.

Kwa barua yako nakuweka kwenye kundi la kwanza, na mguu mmoja kwenye la tatu. Tuanze na majina.

Warusi wa kwenye kitabu hiki wanaitana kwa majina matatu, na mwandishi anabadilisha bila kukuonya. Kijana mnene mwenye miwani anayeingia kwenye karamu na kuongea kwa sauti kubwa anaitwa Pierre. Ukurasa wa mbele ni Bezukhov. Kwingine ni Pyotr Kirillovich. Ni mtu mmoja. Lakini wewe ni mtu wa Morogoro, hili lisikutishe: Kirillovich ni "bin Kirill", basi. Pyotr Kirillovich ni Pyotr bin Kirill. Natalya Ilyinichna ni Natalya binti Ilya, na nyumbani wanamwita Natasha kama sisi tunavyomwita Abdallah Dulla na Khadija Dija. Hakuna Mtanzania anayechanganyikiwa akisikia Dulla, Abdallah bin Salum na Mzee Salum mdogo kwenye msiba mmoja. Ukishaona kwamba lile "-vich" ni bin na lile "-vna" au "-chna" ni binti, nusu ya majina ya kitabu hiki inayeyuka.

Nusu iliyobaki ipeleke kwenye karatasi. Karatasi moja tu, ikunje mara mbili, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Kila mtu anayetokea mara ya pili mpe mstari mmoja. Anayetokea mara moja usimwandike, maana kitabu kina watu zaidi ya 500 na wengi wao wanapita tu kama abiria wa daladala. Mstari wangu wa Pierre ulisomeka hivi: "Pierre, Bezukhov, bin Kirill. Mtoto wa nje ya ndoa wa tajiri anayekufa. Hajui la kufanya na maisha." Wa Andrei: "Andrei, Bolkonsky. Mkewe mjamzito. Anataka kukimbilia vitani kwa sababu nyumbani kunamchosha." Kwa mistari kumi na tano ya namna hiyo unafika mbali sana. Wakuu wenyewe hawazidi watano: Pierre, Andrei, dada yake Andrei anayeitwa Marya, Natasha Rostova na kaka yake Nikolai. Ukipotea popote, jiulize tu nani kati ya watano hawa yuko karibu.

Sasa hizo tanbihi. Mwaka 1805, wakati hadithi inaanza, wakubwa wa Petersburg walikuwa wakiongea Kifaransa kuliko lugha yao, na Tolstoy akawaacha waongee hivyohivyo. Sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya hii ya Kirusi inaanza kwa Kifaransa. Kuna kejeli ndani yake, maana wanamtukana Napoleon kwa lugha ya Napoleon. Kejeli ni tamu, ila msomaji anailipia. Jicho linashuka chini ya ukurasa, linapanda, linashuka tena, kama ndoo ya kisimani, na kila likipanda linatafuta lilipokuwa. Kwa mtu ambaye tayari anasoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu, hiyo ni kazi juu ya kazi. Ndiyo maana dakika kumi tu na mkono umeshaenda kwenye simu.

Tafuta tafsiri ambayo sehemu kubwa ya Kifaransa imeshaingizwa kwenye Kiingereza. Ile ya zamani ya mke na mume, Louise na Aylmer Maude, iko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, unaishusha kwenye simu au kompyuta. Na usione kwamba unapunja. Tolstoy mwenyewe, alipotoa upya kazi zake mwaka 1873, alikigeuza hicho Kifaransa kuwa Kirusi. Kama mwenye kitabu aliona kinaweza kutoka, wewe wa Morogoro usijitie ushujaa.

Hapo tumeondoa mawe kwenye mchele. Tuje kwenye mchele wenyewe, maana bado utaniuliza kwa nini watu wanaongea tu.

Umezoea vitabu vinavyokushika shati ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa upelelezi anakupa maiti, kisha anakueleza alikuwa nani. Hata riwaya zetu nzito hufanya hivyo: kwenye Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, kabla hujakaa vizuri, Yasmin ameshaozwa mzee Raza na ameshamtoroka. Unajua mtu ana shida gani, unamfuata. Tolstoy anakuweka kwanza kwenye ukumbi uliojaa watu, kama mgeni aliyepelekwa kwenye harusi asiyomjua bwana wala bibi. Hakuna anayekutambulisha. Ila ukikaa kwenye harusi ya namna hiyo kwa nusu saa ukasikiliza, utajua nani anamdai nani na nani anamtafutia nani mchumba. Karamu ya Anna Pavlovna isome kwa sikio hilo la umbeya.

Mchukue Vasili, yule mgeni wa kwanza kufika. Anajifanya kapita tu kusalimia. Uongo. Kaja kuuliza juu ya kazi ya ubalozini Vienna, anaitaka kwa ajili ya mtoto wake Ippolit. Katikati ya maongezi analalamika kwamba watoto wake wote wawili wa kiume ni wapumbavu, isipokuwa mmoja mpumbavu mpole na mwingine mpumbavu mkorofi, na huyo mkorofi, Anatole, anamtafuna 40,000 kwa mwaka. Anna Pavlovna anafikiri kidogo, anamwambia: muoze. Kuna binti tajiri, baba yake bahili, anakaa shamba. Huyo binti ni Marya, dada yake Andrei.

Umeshayasoma hayo mara tatu, nadhani, yakapita kama maneno ya kujaza muda. Kumbe hapo mbegu imeshazikwa. Anatole atakwenda kweli kwa huyo binti, na atakavyojivunjia heshima pale shamba utaona mwenyewe. Na kurasa mamia baadaye, Anatole huyohuyo ataingia kwenye maisha ya mtu mwingine kabisa kati ya wale watano na kuyavuruga. Sitakumalizia. Nataka tu ujue kwamba sura ya kwanza imesimama juu ya mzazi anayetafuta pesa za kulipia mtoto mkorofi. Wewe mhasibu, vitabu vya namna hiyo unavifunga kila mwezi.

Kwa hiyo mwanzo wa polepole una aina zake. Upo unaopanda, na upo unaojaza. Unautambua hivi: rudi kurasa kumi nyuma uangalie kama kuna mtu aliyeomba kitu, akanyimwa au akaahidiwa. Kama yupo, mwandishi anapanda. Kama kurasa kumi zote ni mandhari, hali ya hewa na mawazo ya mtu mmoja kuhusu utoto wake, na hakuna aliyeomba hata maji ya kunywa, una haki ya kuingiwa na wasiwasi. Riwaya ya kujaza mimi huipa kurasa 50, na siku hizi, kwa umri wangu, hata 30.

Hii ya kwako ipe zaidi, lakini iwe na mpaka. Na mpaka usiwe namba ya ukurasa tu, uwe tukio. Nakupa la kwangu.

Ukishatoka kwenye karamu, na hapo ulipoishia umebakiza kidogo sana, Pierre anakwenda kwenye nyumba ya vijana walevi. Mmoja wao, Dolokhov, ameweka dau kwamba atakaa kwenye ukingo wa dirisha la ghorofani, miguu ikining'inia nje, amalize chupa nzima ya ramu bila kujishika popote. Hiyo tu ingekutosha kuvuka. Lakini mpaka ninaoutaka uko mbele kidogo, Moscow, kwenye nyumba ya mzee Bezukhov, baba yake Pierre. Mzee anakata roho. Chini ya mto wake kuna mkoba, na ndani ya mkoba kuna karatasi zinazoweza kumfanya Pierre, mtoto wa nje ya ndoa, kuwa mrithi wa kila kitu. Vasili anaujua huo mkoba. Mpwa wa marehemu mtarajiwa, anaitwa Katish, anaujua pia, na ameushika. Anazuiwa na mama mmoja mjane, Anna Mikhailovna, ambaye naye ameung'ang'ania kwa upande wa pili. Wanavutana. Wanavutana kwa sauti ya chini na maneno ya adabu, "mpenzi wangu tafadhali", huku hakuna anayelegeza kidole, na chumba cha pili mzee anakoroma pumzi za mwisho. Pierre kasimama, hajui kabisa kwamba kinachovutwa ni utajiri wake.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi ukoo ukiwa umejaa sebuleni anaijua hiyo sauti ya chini.

Sehemu ya kwanza ya kitabu inaishia muda mfupi baada ya hapo, kama ukurasa wa 110 kwenye nakala nyingi. Fika hapo ndipo uamue. Ukiuona mkoba ukivutwa na ukabaki baridi, kiache, na wala usirudi baada ya miaka mitano kwa kujilaumu. Ladha ya Tolstoy ndiyo hiyo, mbele hakuna nyingine iliyofichwa.

Sasa tuzungumze pumzi. Tuseme kwa Kiingereza unatumia dakika tatu kwa ukurasa, jambo ambalo halina aibu yoyote. Kurasa 110 ni saa tano na nusu. Kwa dakika 25 kwa siku, haifiki siku 14. Hata ukianza polepole, jaribio lote halifiki wiki tatu. Kitabu kizima cha kurasa 1,200 ni saa 60, na kwa nusu saa kila siku ni miezi minne. Angalia tena kama bado kinakutisha. Na Tolstoy kakusaidia bila wewe kujua: kitabu kimekatwa sura zaidi ya 350, nyingi za kurasa tatu au nne. Nusu saa ni sura tatu.

Tena hakikuandikwa kilalwe nacho usiku mmoja. Kilianza kutoka kwa vipande kwenye jarida mwaka 1865, kwa jina la Mwaka 1805, na hadi kitimie chote ilikuwa 1869. Wasomaji wa kwanza walikisoma kama mama zetu walivyosoma hadithi za magazetini, unafika patamu unakuta "itaendelea", unangoja. Jifanyie "itaendelea" yako. Usisimame mwisho wa sura. Malizia sura, kisha soma ukurasa wa kwanza wa sura inayofuata, hapo ndipo ufunge. Kesho hutaanza na mlango uliofungwa, utaanza na mtu aliyebaki kafungua mdomo.

Wiki ya kwanza usikimbilie nusu saa. Dakika kumi ndiyo pumzi uliyonayo leo, umesema mwenyewe. Basi soma dakika 12, ufunge hata kama unataka kuendelea. Siku ya nne ongeza hadi 15, wiki ya pili 25. Dalili kwamba umezidisha ni moja: unafika chini ya ukurasa na hukumbuki juu kulikuwa na nini. Ikikutokea mara moja, soma ukurasa huo tena. Ikikutokea mara mbili mfululizo, funga, siku imekwisha. Kulazimisha hapo hakujengi chochote, unajifundisha tu kupitisha macho juu ya herufi.

Simu iwe chumba kingine. Najua unasema utaizima tu. Haizimiki ikiwa mezani. Na kama utasomea Gutenberg kwenye simu hiyohiyo, zima data kabla ya kufungua kitabu. Usisomee kitandani pia, angalau hadi utoke kwenye karamu. Mwili wako unajua kitanda ni cha nini. Kiti, mezani, kabla ya kwenda kazini au mara tu ukirudi, kabla hujala.

Kosa lililokurudisha ukurasa wa kwanza mara tatu nalijua, maana nililifanya mwenyewe. Unaacha siku tano, unaporudi unaona umesahau, unaanza upya. Hivyo mtu anaisoma karamu ileile mpaka anaichukia. Badala yake, kila ukimaliza kikao andika sentensi moja nyuma ya ile karatasi ya majina: "Vasili anauwinda wosia, Pierre hana habari." Ukirudi baada ya siku tano, soma sentensi tatu za mwisho, endelea palepale. Utakuwa umesahau mambo kadhaa. Tolstoy anajua, atakukumbusha. Ana tabia ya kumpa kila mtu alama moja na kuirudia. Mke wa Andrei, kwa mfano, ana mdomo mfupi wa juu wenye vinyweleo laini, na kila akitokea, mdomo huo unatokea naye.

Mimi nilishindwa mara mbili nikiwa kijana. Ya tatu nilikuwa kwenye treni ya Kigoma, sina kitabu kingine, na mzee wa kiti cha mbele aliniuliza ninasoma nini. Nikaanza kumsimulia Vasili na watoto wake. Akacheka, akasema, "Huyo mzee tunaye kijijini." Tangu hapo sikukwama tena kwenye karamu. Kumsimulia mtu kunasaidia kuliko ushauri wangu wote wa dakika, na wewe unao wanne kazini. Wakati wa chai usiwaulize wamefika ukurasa gani. Waulize wanamchukia nani.

Ukuta wa pili nikuonye mapema. Ukimaliza sehemu ya kwanza, ya pili inaanza na jeshi likikaguliwa mavazi na viatu huko Austria, na karibu watu wote uliowazoea hawapo. Utajiona umerudi kule kule. Fungua karatasi mpya, ingia polepole, umtafute kapteni mmoja mdogo wa mizinga anaitwa Tushin. Mara ya kwanza anafumaniwa na mkubwa wake bila viatu, kasimama na soksi, anatabasamu kwa aibu. Subiri umwone mtu huyo vita ikianza.

Mbele zaidi kuna kurasa ambazo Tolstoy anaacha hadithi na kuhutubia juu ya historia inavyokwenda. Ziruke ukitaka. Hitimisho la pili, lile la mwisho kabisa, ni hotuba tupu, hakuna mtu hata mmoja wa kumfuata, na anayefunga kitabu kabla yake kakimaliza. Kwenye toleo lilelile la 1873 mwandishi alizitoa hizo hotuba katikati ya hadithi akazipeleka nyuma kama kiambatisho. Wanaojigamba kwamba wamesoma kila neno waache wajigambe.

Ukifika kwenye mkoba niandikie, uniambie uko upande wa nani. Mimi huyo Anna Mikhailovna simwamini hata kidogo, lakini siku ile nilitaka ashinde.